Silo ya "tani 6" iliyoisha siku ya tisa: uchambuzi wa kisa kimoja cha shamba la ng'ombe wa maziwa

Kisa hiki ni cha shamba moja lililonunua silo ya chuma ya kuhifadhia chakula cha kusaga. Hesabu ya mahitaji ilipigwa kwa uangalifu, na bado silo ikakauka siku tano kabla ya wakati. Jina la shamba, mahali lilipo na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Vipimo na hesabu vimebaki, kwa sababu somo lote limo humo.

Usuli

Shamba lilikuwa na ng'ombe 90 waliokuwa wakipewa chakula cha kuongezea majani. Kati yao, 60 walikuwa wanakamuliwa, na kila mmoja alipewa wastani wa kilo 6 kwa siku. Waliobaki 30, yaani mitamba na wale waliopumzishwa kukamuliwa wakingoja kuzaa, walipewa kilo 2 kila mmoja. Chakula chenyewe kilikuwa mchanganyiko wa kusaga: mahindi, pumba za ngano, mashudu na madini. Kililetwa na lori kikiwa hakijafungwa kwenye mifuko, na kila mzigo ulikuwa tani 6. Muuzaji hakuwa tayari kuleta pungufu ya hapo.

Kwa muda mrefu walikuwa wakipokea chakula kwenye mifuko na kukipanga stoo. Panya walikula sehemu yake, mifuko ya chini ilipata unyevu, na kubeba mifuko kila asubuhi kulikula muda wa wafanyakazi wawili. Silo yenye parafujo ya kusukumia chakula hadi bandani ilionekana kumaliza yote hayo.

Mwenye shamba alipiga hesabu ambayo karibu kila mtu angeipiga:

```
(60 × 6) + (30 × 2) = 420 kg kwa siku
420 × 14 = 5,880 kg
```

Kilo 5,880 ni karibu tani 6, na mzigo wa lori ni tani 6. Kila kitu kilikaa mahali pake. Akamwagiza fundi wa chuma silo ya tani 6, fundi akatengeneza kwa vipimo alivyozoea, na ubavuni akabandika kibao kilichosomeka "TANI 6".

Kilichotokea

Mzigo wa kwanza haukuingia wote. Lori lilipofikisha kama tani 4 na kilo 100 kwa kipimo cha mizani yake, chakula kilianza kumwagika mdomoni mwa silo. Dereva alisimamisha mashine, na kilo 1,900 zilizobaki zikashushwa kwenye mifuko ya zamani na kurudishwa stooni. Msimamizi wa shamba alidhani lori limesukuma chakula kwa kasi kikajaa hewa, na kwamba kikituama nafasi itapatikana. Hakuna aliyetilia shaka kibao.

Siku ya tisa, katikati ya mlo wa jioni, parafujo ilianza kuzunguka bila kitu. Wafanyakazi walihangaika na mota kwa muda, wakaangalia mkanda, wakaangalia swichi. Mwishowe mmoja alipanda ngazi na kuchungulia: katikati palikuwa na shimo lililoshuka hadi kwenye tundu la chini, na pembeni chakula kimesimama kimeshikamana na chuma. Wakagonga ubavuni kwa nyundo, kikaporomoka kidogo, kisha kikagoma tena.

Walihamia kwenye mifuko ya stoo. Iliwafikisha siku ya kumi na nne, ikaisha kabla ya mlo wa jioni. Mzigo mpya ulikuwa umeagizwa ufike siku hiyohiyo, kwa kuwa hesabu ilisema siku 14. Lori lilifika asubuhi ya siku ya kumi na sita. Katikati hapo ng'ombe walikula majani matupu. Maziwa yalishuka, na chakula kiliporudi ilibidi kiongezwe kidogokidogo kwa siku kadhaa, maana tumbo la ng'ombe lililokaa bila nafaka halipaswi kushtukizwa na kilo 6 kwa mkupuo. Hasara ya siku moja na nusu ikawa ya wiki nzima.

Mizigo iliyofuata ilimwagwa juu ya kile kilichokuwa kimeshikamana pembeni. Baada ya wiki chache ng'ombe walianza kuacha chakula horini. Ndani yake kulikuwa na mabonge ya kijivu yenye harufu ya ukungu, makubwa kama ngumi. Hapo ndipo nilipoitwa, nikiambiwa kwamba muuzaji analeta chakula kibovu.

Tulichokagua

Nilianza na ndoo. Kabla ya kumlaumu muuzaji wala fundi, nilitaka kujua mita moja ya ujazo ya chakula hiki ina uzito gani. Tulichukua ndoo ya lita 20, tukaijaza maji hadi ukingoni na kuipima. Maji yalikuwa na uzito wa kilo 20.8, kwa hiyo ndoo hiyo kwa kweli ilibeba lita 20.8 ikijaa pomoni. Hatua hii watu wengi huiruka, na ukiiruka unabeba kosa la asilimia 4 kabla hujaanza. Kisha tuliikausha, tukamimina chakula kutoka juu kidogo bila kutikisa wala kushindilia, tukasawazisha kwa ubao, tukapima. Tulirudia mara tatu. Uzito wa chakula, ndoo ikishatolewa, ulikuwa kilo 10.

```
10 ÷ 20.8 × 1000 = karibu 480 kg kwa mita ya ujazo
```

Fundi alipoulizwa alitumia uzito gani, alijibu bila kusita: 650. Namba hiyo hakuibuni. Ndiyo inayokaribia uzito wa chakula cha ng'ombe kilichosindikwa kuwa peleti, na silo nyingi alizowahi kutengeneza zilikuwa za peleti. Mahindi mazima ni mazito zaidi, yanazidi 700. Lakini chakula cha kusaga chenye pumba nyingi ni chepesi, kwa sababu pumba peke yake hata 300 kwa kawaida haifiki. Silo moja ileile inaweza kuwa ya tani 6 kwa peleti na ya tani 4 na kitu kwa unga wa pumba. Kibao cha tani bila jina la chakula hakina maana.

Baadaye tulipima silo yenyewe. Ilikuwa mviringo wa kipenyo cha mita 2, ukuta wa wima mita 2.4. Chini kulikuwa na koni yenye mteremko wa nyuzi 45 inayoishia kwenye tundu la sentimeta 40, na juu paa la koni lililopanda nusu mita. Ukijumlisha vyote vitatu unapata mita za ujazo 9.1. Zidisha kwa 650 na unapata kilo 5,915, ile "tani 6" ya kwenye kibao. Fundi alihesabu kila kona hadi chini ya kifuniko, kana kwamba silo itajazwa maji.

Chakula hakijai hivyo. Kikimwagwa kutoka tundu la juu katikati, kinapanda kama kichuguu, na mteremko wa kichuguu cha unga huu tuliupima chini sakafuni: karibu nyuzi 40. Maana yake, kilele kikigusa kifuniko, pembeni ukutani chakula kiko sentimeta 84 chini ya kilele. Paa lilikuwa na kimo cha sentimeta 50 tu, kwa hiyo pembeni paliachwa wazi sentimeta 34 za ukuta wa wima, pamoja na nafasi iliyo chini ya paa. Nafasi inayojaa kweli ikawa mita za ujazo 8.4 hivi.

Mita 8.4 kwa kilo 480 ni karibu kilo 4,030. Mizani ya lori ilisema 4,100. Tofauti hiyo ndogo inaeleweka, kwa kuwa chakula cha chini hubanwa na cha juu. Hesabu ilipokaribiana na mizani kiasi hicho, tulijua hatukuwa tunatafuta mwizi.

Sehemu ya mwisho ya upungufu ilikuwa ndani ya koni. Mteremko wa nyuzi 45 unatosha nafaka nzima inayotiririka. Unga hauteremki kwenye chuma chenye mteremko huo. Unaoteremka ni ule wa katikati, juu ya tundu, na wa pembeni unabaki umesimama. Tulipokomba kilichobaki baada ya parafujo kukauka tulipata karibu kilo 400. Hicho ndicho kilichokuwa kinaota ukungu. Kila mzigo mpya ulipita katikati na kutoka, na kile cha pembeni kikaendelea kuzeeka hadi kilipomeguka. Muuzaji hakuwa na hatia.

Basi: kilo 4,100 zilizoingia, ukitoa 400 zisizotoka, zinabaki 3,700. Gawanya kwa 420 na unapata siku 8 na sehemu kubwa ya siku ya tisa, jioni ileile parafujo ilipokauka.

Hesabu mpya

Mwenye shamba alitaka tumwambie tu silo ya tani ngapi inunuliwe. Tulimwomba arudi nyuma kwenye mambo matatu aliyoanza nayo, yaani kiasi cha siku, idadi ya ng'ombe, na siku za akiba, kwa sababu hata yale aliyoyahesabu sawasawa yalikuwa sahihi kwa siku moja tu ya mwaka.

Kilo 420 ilikuwa picha ya mwezi ule. Daftari la uzazi lilionyesha kwamba miezi mitatu mbele ng'ombe wengi wangezaa kwa kufuatana. Wanaokamuliwa wangefika 70, na 30 kati yao wangekuwa wametoka kuzaa, wanaohitaji kilo 8. Wengine 40 wangekula kilo 5.5, na 20 wasiokamuliwa kilo 2. Jumla ni kilo 500 kwa siku. Ng'ombe ni walewale 90, lakini matumizi yamepanda karibu asilimia 19, yaani kilo 80 kila siku. Anayehesabu vichwa peke yake hataiona tofauti hiyo. Tulihakikisha pia kwamba kilo hizo ni za chakula kama kinavyotoka kwenye silo, maana baadhi ya wataalamu wa lishe huandika mgao kwa uzito wa chakula kikavu kabisa, na hapo kilo 7 za karatasini huwa karibu kilo 8 horini.

Halafu siku. Siku 14 zilichaguliwa kwa sababu ya mazoea. Tulipofungua stakabadhi za mizigo iliyopita tuliona kwamba toka kuagiza hadi lori kufika, mara nyingi ilikuwa siku 3, mara chache siku 2, na mbaya zaidi siku 5. Hizo ndizo siku zenye maana. Swali la kwanza ni hili: siku ya kuagiza, ndani ya silo kuwe na kiasi gani ili lori likichelewa tusikaukiwe? Tulichukua siku 5 mbaya kabisa, tukaongeza 1 ya tahadhari, tukazidisha kwa matumizi ya juu:

```
6 × 500 = 3,000 kg   (kiwango cha kuagiza)
```

Swali la pili ndilo linalosahaulika. Lori likiwahi, je, mzigo wote utaingia? Hapa unageuza kila kitu: chukua matumizi ya chini na lori la haraka. Ukiagiza kukiwa na kilo 3,000, ng'ombe wakala 420 kwa siku 2, kinabaki 2,160. Lori linaleta 6,000.

```
3,000 − (2 × 420) = 2,160 kg
2,160 + 6,000 = 8,160 kg
```

Silo inatakiwa kubeba kilo 8,160. Tazama kwamba namba hii haikutokana na "siku 14" wala "siku 21". Imetokana na mzigo wa lori pamoja na kile kitakachokutwa ndani lori likifika mapema. Msimu wa matumizi makubwa ndio unaoamua lini uagize, na msimu wa matumizi madogo ndio unaoamua ukubwa wa silo. Sijaona shamba lililokosea hapa kwa kutojua kuzidisha. Wanakosea kwa kutumia namba moja ya matumizi mahali panapohitaji mbili.

Kugeuza kilo kuwa nafasi, hatukutumia 480. Tulikuwa tumepima sampuli za mizigo mingine miwili, moja ikatoa 500 na nyingine 460. Kwa kuwa nafasi huishia kwenye chakula chepesi, tulitumia 460:

```
8,160 ÷ 460 = mita za ujazo 17.7
```

Hizo ni mita zinazojaa kweli, kichuguu kikishahesabiwa. Silo iliyokuwepo ilikuwa chini ya nusu ya hapo.

Uamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza la mwenye shamba lilikuwa silo moja kubwa ya kutosha mwezi mzima, "tumalize kabisa haya mambo." Nililipinga. Nafaka ikishasagwa mafuta yake yanakutana na hewa, na mchanganyiko wenye mashudu unaanza kuchacha mapema kuliko mahindi mazima. Juu ya hilo kuna paa la chuma: mchana chakula kinatoa mvuke, usiku paa linapoa, mvuke unageuka matone chini ya kifuniko na kudondokea juu ya chakula. Ukikaa nacho wiki tatu na siku chache unaweza kuvumilia. Mwezi na zaidi, katika silo isiyomalizika hadi chini, ni kuualika ukungu uleule uliotuleta hapo.

Tukaamua silo mbili zinazolingana. Ya zamani ikatwe koni yake na kuwekewa ya nyuzi 60, mteremko ambao silo za chakula cha mifugo nyingi hutengenezwa nao, na ya pili ijengwe kwa vipimo vilevile kando yake. Koni ya nyuzi 60 ni ndefu zaidi, inabeba mita za ujazo 1.8 badala ya 1, kwa hiyo kila silo inajaa mita 9.15. Mbili ni 18.3, nasi tulihitaji 17.7. Nafasi ya ziada ilikuwa ndogo, na tulilijua hilo.

Sababu kubwa ya kuwa na mbili haikuwa ukubwa. Ukiwa na mbili unaweza kuimaliza moja kabisa. Lori likifika, silo iliyo tupu inajazwa kwanza, na kinachobaki kinawekwa juu ya ile inayotumika. Hii inayotumika ndiyo inayomalizwa kwanza, inafungwa, inachunguliwa kwa tochi, inakombwa kama kuna kilichoshika, kisha inangoja mzigo unaofuata wakati mwenzake inatumika. Kwa utaratibu huo kila silo inakuwa tupu mara moja katika kila mizigo miwili.

Kiwango cha kuagiza nacho kilihitaji alama inayoonekana, kwa sababu hakuna mfanyakazi atakayekokotoa kilo saa kumi na moja alfajiri. Kilo 3,000 ni mita za ujazo 6.5. Ukitoa 1.8 za koni zinabaki 4.7, na kwa kuwa kila mita moja ya kimo katika silo ya kipenyo cha mita 2 ni mita za ujazo 3.14, mstari unaangukia mita 1.5 juu ya mahali koni inapoungana na ukuta. Fundi aliweka hapo kidirisha chembamba cha plastiki ngumu na kupiga mstari mwekundu. Kanuni ikawa moja: silo moja ikiwa tupu na nyingine imefika mstari mwekundu, piga simu.

Matokeo

Msimu wa kuzaa ulipita bila parafujo kuzunguka bure. Mara moja lori lilichukua siku 5 kamili kufika, na chakula kilikuwepo. Mabonge ya ukungu yalikoma. Koni ya nyuzi 60 haikuondoa kabisa chakula kinachoshika, hasa nyakati za mvua ambapo vumbi la unga hujigandisha kwenye maungio ya bati, lakini kinachokombwa sasa ni ndoo moja au mbili.

Tatizo moja lilijitokeza. Muuzaji alibadilisha mchanganyiko na kuongeza pumba, na ndoo yetu ikaonyesha kilo 430 kwa mita. Mzigo uliofuata lori liliwahi, matumizi yalikuwa ya chini, na kama kilo 95 zilikosa nafasi. Mifuko miwili haikumuumiza mtu, ila ilionyesha jinsi nafasi ilivyokuwa imebana. Walichofanya ni kuongeza mstari wa pili, wa buluu, chini ya ule mwekundu, wa kutumia miezi ambayo ng'ombe wengi hawakamuliwi. Unaposubiri zaidi kabla ya kuagiza, unaacha nafasi zaidi kwa mzigo.

Uchambuzi

Ukizipanga hasara za silo ya kwanza kwa ukubwa wake, iliyopoteza zaidi ni uzito wa ujazo. Kutoka 650 hadi 480 kulifuta zaidi ya robo ya kilichotarajiwa, kilo 1,500 na ushee. Kichuguu na nafasi ya chini ya paa vilichukua kama kilo 340, na koni ikazuia 400. Nimewahi kusikia watu wakishauri kuongeza asilimia 10 juu ya hesabu ili kuwa salama. Hapa asilimia 10 isingefunika hata nusu ya kosa la uzito. Kuongeza asilimia bila kupima ndoo ni kuficha usilolijua.

Kilichofanya kosa lidumu ni kwamba dalili zote zilikuwa na maelezo mengine yanayosadikika. Mzigo haukuingia, ikasemwa ni hewa. Parafujo ilikauka, ikasemwa ni mota. Chakula kilioza, ikasemwa ni muuzaji. Dalili ya kwanza ilikuwa wazi kuliko zote: silo mpya, tupu, ya "tani 6" ilikataa theluthi ya mzigo wa tani 6. Unga uliopulizwa hutuama kwa sehemu ndogo tu. Mzigo wa kwanza wa silo yoyote unapaswa kuandikwa kwa kilo zilizoingia, na namba hiyo ndiyo iandikwe ubavuni pamoja na jina la chakula.

Uamuzi wa kutobomoa silo ya kwanza ulikuwa mzuri kwa sababu kosa halikuwa la chuma. Kubadilisha koni na miguu kulitosha. Ila kuna jambo moja la kiufundi linalohitaji tahadhari kwa yeyote atakayeiga. Koni ya nyuzi 60 iliinua silo sentimeta 59, na nafasi ya kubeba ikaongezeka. Kwa nafasi tulitumia chakula chepesi. Kwa miguu na msingi lazima ugeuze: tumia kizito kabisa kinachoweza kuingia humo siku yoyote. Shamba hili likihamia peleti au mahindi mazima kesho, mita 9.15 kwa kilo 700 ni zaidi ya tani 6 na kilo 400 kwa kila silo, mbali na uzito wa chuma chenyewe. Kwa miguu minne hiyo ni tani 1.6 kwa kila mguu kama udongo uko sawa pande zote, na mguu mmoja ukizama kidogo mzigo unahamia kwa wengine. Msingi wa zamani ulikuwa vitalu vinne vya zege vilivyoachana. Ulivunjwa, ukamwagwa bamba moja lenye nondo chini ya silo zote mbili, na kila mguu ukafungwa kwa boliti zilizozikwa ndani ya zege, kwa kuwa silo iliyoinuliwa ikiwa tupu upepo unaweza kuiangusha.